[Uzi] Picha 10,400 za damu, zenye lebo ni 480 tu: modeli inachagua uchafu badala ya vimelea

Mwana_Katuba

Jambo yenu. Niko Lubumbashi, namaliza masomo ya informatike, na kazi yangu ya mwisho ni modeli ya kutambua vimelea vya malaria kwenye picha za tone nene la damu lililopakwa kwenye kioo. Picha tulizipiga kwa simu iliyofungwa kwenye jicho la hadubini, lenzi ya 100 yenye mafuta. Vioo ni 260 kutoka vituo vitatu vya afya (niviite A, B na C), picha 40 kwa kila kioo. Kila kioo kina namba tu, hakuna jina la mgonjwa.

Anayeweka lebo, yaani anayesema picha ina vimelea au haina, ni mama mmoja laborantini mwenye uzoefu mkubwa. Ana kazi zake na ananipa saa mbili kila Jumamosi. Kwa saa moja anasoma picha kama 60. Kwa hiyo Jumamosi moja ni lebo 120, na zote zilizobaki zingehitaji Jumamosi zaidi ya 80. Haiwezekani.

Mpaka sasa nina lebo 480, zenye vimelea ni 61. Picha ni kubwa, upana wa pikseli 3,000, na kimelea hakifiki hata pikseli 40, kwa hiyo siipunguzi picha. Naikata vipande vya pikseli 300, modeli inapima kila kipande, na kipande chenye alama kubwa kuliko vyote ndicho kinachoipa picha jibu.

Nimejaribu njia mbili. Ya kwanza, niliiachia modeli ichague picha ambazo ina shaka nazo zaidi, zile zenye alama karibu na 0.5, nikampelekea mama 120. Zaidi ya nusu zilikuwa ukungu au madoa ya rangi, na karibu zote zilitoka kwenye vioo vinne. Mama aliniuliza kwa nini nampotezea Jumamosi yake.

Ya pili, lebo za bandia: modeli ikiwa na uhakika wa 0.95 naichukua lebo yake kama ya kweli, nafundisha tena, narudia. Usahihi ulipanda hadi 93%, lakini kila mzunguko picha zinazoonekana kuwa na vimelea zinapungua. Nimekwama. Kuna mtu amepita njia hii?

---

Kipushi_Kodi

Ndugu, njia yako ya pili ndiyo sahihi, usiiache. Tatizo ni kwamba unaifanya kwa namna ya zamani. Tumia FixMatch ya 2020: picha isiyo na lebo unaibadilisha kidogo, modeli inatoa jibu, jibu likifika 0.95 unalazimisha picha ileile iliyobadilishwa sana itoe jibu hilohilo. Kwenye CIFAR-10, hazina ya picha za kujaribia modeli, walitumia lebo 250 tu kati ya picha 50,000 wakapata karibu 95%. Wewe una 480, umewazidi. Huyo mama muachie apumzike.

---

Tonton_Kenya

Mdogo wangu, kama shida ni watu wa kuweka lebo, hapa kwetu komini Kenya vijana wenye simu hawakosekani. Walipe kwa picha, picha moja wasome watatu, jibu la wengi ndilo lebo. Sisi tulifanya hivyo kwa risiti za duka na ilikwenda vizuri.

---

Labo_Ruashi

Tonton, kwa heshima, risiti kila mtu anaisoma. Mimi nimekaa kwenye hadubini miaka mingi. Kwenye tone nene chembe nyekundu zimepasuka zote, kinachobaki ni viini vya chembe nyeupe, sahani za damu, vumbi na mabaki ya rangi ya Giemsa. Kimelea kichanga cha falciparum ni pete ndogo ya buluu yenye nukta nyekundu. Rangi ya Giemsa isipochujwa inaacha nukta zinazofanana nayo kabisa. Ukiwaweka vijana watatu wasiojua, watakosea wote watatu kwa namna ileile, na jibu la wengi litakuwa kosa lililopigiwa kura.

Na wewe Mwana_Katuba, mama yako anasoma picha, hasomi kioo. Mimi nikitilia shaka nukta nazungusha skrubu ndogo mbele na nyuma: kimelea kinabaki na umbo lake, uchafu unang'aa au unapanda juu ya tabaka lingine. Kwenye picha yako hana skrubu. Je, umempa nafasi ya kujibu «sijui»?

---

Mwana_Katuba

Hapana, Docta. Ni ndiyo au hapana tu.

---

Labo_Ruashi

Basi ongeza ya tatu. La sivyo anakisia na wewe unaandika kisio lake kama ukweli.

---

Yaya_Kampemba

Nimesoma yote. Mimi nafanya kazi na picha za mawe ya shaba kwenye mkanda wa kiwanda. Si damu, lakini shida ni ileile, kwa sababu lebo ya jiwe inatoka kwenye kipimo cha maabara, na kipimo ni ghali. Mwana_Katuba, kabla sijasema lolote nijibu matatu. Zile 480 ulizichaguaje? Hiyo 93% uliipima kwenye picha zipi? Na kwenye daftari la kituo, kila kioo kimeandikwa nini?

---

Mwana_Katuba

Yaya, aksanti. 480 ni vioo 12 vya mwanzo, vyote vya kituo A, kwa sababu ndipo tulipoanzia. 93% ni sehemu ya hizohizo 480, nilitenga moja ya tano kwa bahati nasibu. Daftari linaandika matokeo ya kila kioo kwa misalaba: hasi, +, ++, +++, ++++. Ninayo nakala, lakini sikuitumia kwa sababu ni matokeo ya kioo, si ya picha.

---

Yaya_Kampemba

Majibu yako yameshafungua karibu kila kitu.

Tuanze na 93%. Katika 480 zako, 419 hazina kimelea. Modeli inayojibu «hapana» kwa kila picha bila kutazama inapata 87%. Kwa hiyo 93% ni hatua ndogo juu ya uvivu. Tena umegawa picha, hukugawa vioo: picha za kioo kimoja ziko pande zote mbili, kwenye mafunzo na kwenye kipimo. Modeli inatambua kioo kwa rangi yake ya nyuma na inakumbuka jibu lake. Gawa kwa kioo siku zote.

Tenga sasa hivi vioo 40 kwa bahati nasibu kutoka vituo vyote vitatu. Kwenye kila kimoja chukua picha 6, nazo kwa bahati nasibu. Ni 240, Jumamosi mbili. Modeli isiziguse na isishiriki kuzichagua. Najua inauma kumtumia mama Jumamosi mbili kwa picha ambazo hazifundishi kitu. Lakini ukipima kwenye picha ambazo modeli yenyewe ilizichagua kwa sababu inazitilia shaka, unapima kwenye mkusanyiko wa picha ngumu ambao haufanani na kazi ya kila siku ya kituo, na hutajua kama umepanda au umeshuka.

Sasa daftari. Unasema lebo huna. Unazo 260, umeziacha kabatini.

Misalaba ina maana yake kwa kipimo cha OMS, Shirika la Afya Duniani: + ni vimelea 1 hadi 10 katika nyuga 100 za hadubini, ++ ni 11 hadi 100 katika nyuga 100, +++ ni 1 hadi 10 katika kila uwanja, ++++ ni zaidi ya 10 katika kila uwanja. Picha yako moja ni karibu uwanja mmoja. Piga hesabu mwenyewe. Kioo cha ++++: karibu kila picha ina kimelea, hakuna haja ya kumuuliza mama. Kioo hasi: karibu kila picha haina kitu. Kioo cha +: katika picha zako 40 utarajie vimelea vinne kwa wingi wake, au hata sufuri. Unaona sasa mahali pa kumpeleka mama na mahali pa kutompeleka? Tuletee idadi ya vioo kwa kila daraja.

---

Mwana_Katuba

Nimehesabu: hasi 171, + ni 34, ++ ni 25, +++ ni 19, ++++ ni 11.

Kwa hiyo picha 6,840 ni za vioo hasi na 440 za ++++. Zilizobaki katikati ni 3,120. Nilikuwa namuuliza mama juu ya vitu ambavyo daftari limeshasema!

---

Labo_Ruashi

Polepole. Daftari nalifahamu kutoka ndani. Kioo hakitakiwi kuitwa hasi mpaka umesoma angalau nyuga 100. Asubuhi foleni ikiwa imejaa hadi mlangoni na umeme wa SNEL unacheza, wapo wanaosoma 30 na kuandika hasi. Kioo cha + kinapita hapo bila kuonekana. Kwa hiyo kati ya hizo hasi 171, baadhi si hasi.

Na misalaba pia inatofautiana kati ya mkono na mkono. Kati ya ++ na +++ nisingeweka kiapo.

---

Yaya_Kampemba

Docta yuko sahihi, na ndiyo sababu nilisema «karibu». Lakini tuangalie kosa hilo lina uzito gani kwa picha. Tuseme vioo 10 kati ya 171 ni + iliyopitwa. Ni picha 400, na kwa hesabu ileile zina vimelea 40 kwa wingi wake, ndani ya picha 6,840. Modeli inaweza kuvumilia lebo mbovu chache namna hiyo. Isichovumilia ni kinyume chake: kuchukua kioo cha + na kuziita picha zake zote 40 chanya. Hapo lebo nyingi zaidi zingekuwa uongo kuliko kweli.

Misalaba ya katikati usiitumie kama lebo ya picha. Itumie kama kizuizi. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi, kwa sababu inakuonyesha mahali lebo zako za bandia zinapokwenda njia mbaya, bila kumuuliza mama hata picha moja. Chukua modeli yako ya mwisho, ile iliyojifunza kwa lebo za bandia. Hesabu, kwa kila kituo na kila daraja la misalaba, ni picha ngapi katika 100 inaziita chanya. Halafu urudi hapa.

---

Bukavu_Ndizi

Salamu kutoka Bukavu. Mimi sijaelewa kwa nini mnalifanya jambo liwe gumu hivi. Nimefanya kazi ya mnyauko wa migomba, picha za majani kama 2,000, lebo 150 tu. Nilitumia `LabelSpreading` ya scikit-learn, lebo zikasambaa zenyewe kwa majirani, nikapata 94%. Hakuna misalaba wala nini.

---

Yaya_Kampemba

Kaka, hongera, sina ubishi na njia yenyewe. Inafanya kazi pale picha zinazofanana zinapokuwa na lebo moja. Jani la mgonjwa limegeuka njano kwa sehemu kubwa ya picha, kwa hiyo wagonjwa wanajikusanya pamoja. Kwa Mwana_Katuba, picha mbili za jirani kabisa, rangi moja, kioo kimoja, moja ina pete ndogo kwenye kona na nyingine haina. Ufanano unafuata kioo, haufuati kimelea. Ukisambaza lebo kwa majirani unasambaza jina la kioo.

Swali moja: mgomba mmoja ulipigwa picha ngapi, na picha zake zilikaa upande mmoja?

---

Bukavu_Ndizi

Kila mgomba picha tano au sita. Upande mmoja sikuangalia, nilichanganya zote. Lakini majani ni tofauti!

---

Mwana_Katuba

Nimerudi na hesabu. Nimetazama sana namba mbili, zilinitisha.

Vioo vya ++++ vya kituo B: modeli inaona vimelea kwenye picha 58 tu kati ya 100. Vioo hasi vya kituo C: inaona vimelea kwenye picha 31 kati ya 100. Kituo A kiko sawa kwa pande zote mbili.

Nilifungua picha kadhaa za C. Nyuma yote ni ya buluu nzito na kuna nukta nyeusi nyingi zilizotawanyika. Za B ni za waridi, zimepauka, hata viini vya chembe nyeupe vimefifia.

---

Labo_Ruashi

C hawachuji Giemsa yao, au chupa imekaa sana. B ni maji: yakiwa na asidi, chini ya pH 7.2, buluu inakufa na kimelea kinapauka kabisa. Hilo halirekebishwi na kompyuta, linarekebishwa na laborantini.

---

Yaya_Kampemba

Na hapo una jibu la kwa nini chanya zako zilikuwa zinapungua kila mzunguko. Modeli ilijifunza kwa A peke yake. Ilipofika B ikaona vimelea vilivyopauka, ikasema «hapana» kwa uhakika zaidi ya 0.95, na wewe ukaziandika hasi. Mzunguko uliofuata ukaifundisha kwamba kimelea kilichopauka si kimelea. Uhakika wa modeli haujui kwamba uko kwenye kituo kingine.

Na kizingiti kimoja cha 0.95 kwa pande zote kina upendeleo. Hasi ziko nyingi na ni rahisi, zinapita kwa mamia. Chanya ni chache na ngumu, nyingi zinaishia 0.8 na hazipiti. Kwa hiyo kila mzunguko uwiano unaelemea upande wa hasi hata kama kila lebo moja moja ni sahihi.

---

Kipushi_Kodi

Sawa, kituo A peke yake lilikuwa kosa. Lakini FixMatch bado ingesaidia, mabadiliko makali ya picha yanaizoesha modeli rangi tofauti.

---

Yaya_Kampemba

Nusu nakubali. Wazo la kutaka jibu moja kwa picha moja iliyobadilishwa ni zuri. Lakini yale mabadiliko makali yalitengenezwa kwa picha za ndege na farasi. Mle kuna kugeuza rangi, na mwishoni wanafunika kipande cha mraba cha picha. Farasi ukimfunika mguu bado ni farasi. Kipande cha pikseli 300 chenye kimelea kimoja ukifunika palepale kilipo, umebaki na kipande safi unachokilazimisha kiitwe chanya. Na rangi ndiyo inayotenganisha nukta nyekundu ya kimelea na nukta nyeusi ya Giemsa, ukiigeuza ovyo unafuta alama yenyewe.

Kuzungusha, kupindua, ukungu mdogo, kusogeza rangi kidogo kati ya waridi ya B na buluu ya C: hivyo ndivyo ningeruhusu. Kufunika na kugeuza rangi kinyume: hapana.

Tena zile 250 za CIFAR-10 zilikuwa 25 kwa kila aina, aina zote sawa kwa wingi, na picha zisizo na lebo zilitoka chungu kilekile. Mwaka 2018 Oliver na wenzake walionyesha kwamba picha zisizo na lebo zikiwa na aina ambazo hazimo kwenye zenye lebo, zinaweza kukushusha chini ya pale ambapo ungekuwa bila kuzitumia. Uchafu wa C ni kitu ambacho 480 za A hazikuwahi kukiona.

---

Kipushi_Kodi

Hili la kufunika sikuwa nimelifikiria. Lakini kuna hazina ya NLM, maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani, picha 27,558 za seli, nusu zina vimelea nusu hazina, lebo tayari na bure. Si aanzie hapo?

---

Labo_Ruashi

Nimeziona. Ni tone jembamba, kila picha ni chembe nyekundu moja iliyokatwa peke yake. Kwenye tone nene hakuna chembe nyekundu. Ni kitu kingine kabisa machoni.

---

Yaya_Kampemba

Kwa kuipasha modeli moto kabla ya mafunzo si vibaya. Kwa lebo hapana. Na nusu kwa nusu si uwiano wa kituo chochote.

Mwana_Katuba, sasa tuje kwenye Jumamosi za mama. Ulichoona, ukungu na vioo vinne, ni tabia ya kawaida ya kuchagua kwa shaka peke yake. Picha ya ukungu ina shaka ambayo lebo haitaiondoa, hata mama mwenyewe hajui. Na picha 40 za kioo kimoja kibaya zina shaka moja iliyorudiwa mara 40. Zote zinapanda juu pamoja.

Kwanza toa ukungu:

```python
g = cv2.imread(njia, cv2.IMREAD_GRAYSCALE)
ukali = cv2.Laplacian(g, cv2.CV_64F).var()
```

Usiweke kizingiti kimoja kwa vituo vyote. Picha safi yenye vitu vichache nayo ina `ukali` mdogo, na B iliyopauka ingetupwa yote. Panga kwa kila kituo peke yake na utazame kwa macho zile za chini kabla ya kuzitupa.

Halafu katika vioo vya +, ++ na +++ tu, chukua zenye shaka zaidi, uzitenge kwa makundi ya ufanano, na uchukue moja kwa kila kundi. Hapa `p` ni alama za modeli kwa picha hizo, na `vekta` ni namba ambazo modeli inaielezea kila picha:

```python
shaka = 1 - np.abs(2 * p - 1)
juu = np.argsort(-shaka)[:600]
kundi = KMeans(n_clusters=80, n_init=10,
               random_state=0).fit_predict(vekta[juu])
```

Kioo kimoja kisitoe zaidi ya picha tatu. Hizo ni 80. Zile 40 za kujaza Jumamosi zigawe hivi: 20 kutoka vioo hasi ambako modeli inasema «chanya» kwa nguvu, na 20 kutoka vioo vya +++ na ++++ ambako inasema «hapana» kwa nguvu. Mahali modeli na daftari vinapopingana, mmoja wao anakosea, na lebo moja ya mama inakuambia ni nani. Hapo ndipo utakapokamata nukta za C na vimelea vya B, ambavyo kuchagua kwa shaka kusingevileta kamwe, kwa kuwa modeli haikuwa na shaka navyo.

Lebo za bandia zirudi baadaye, kwa masharti: kila daraja la misalaba na kila kituo vina idadi yake. Kioo cha + hakipewi chanya zaidi ya nne zenye alama ya juu kuliko zote. Kioo hasi hakipewi hata moja. Na kila mzunguko unaanza upya na modeli mpya, ukizifuta lebo za bandia za jana.

---

Mwana_Katuba

Yaya, modeli ikisema chanya kwenye kioo hasi na mama akakubali, je, hicho kioo chote kinatoka kwenye hasi?

---

Yaya_Kampemba

Kinatoka. Kinakuwa kioo kisichojulikana, kama cha +. Na mpe Docta wa kituo namba yake wakisome upya.

---

Labo_Ruashi

Hilo la mwisho ni la maana kuliko modeli yenyewe. Msingoje kazi yenu iishe.

---

Mwana_Katuba

Narudi kwenye uzi baada ya muda. Tulitenga vioo 40 vya kipimo, mama akaziwekea lebo picha 240: 31 zina vimelea, 194 hazina, 15 alisema «sijui». Halafu tulifuata mpango wa 80 na 40 kwa Jumamosi kadhaa.

Kwenye vioo vya kipimo, modeli ya zamani iliona 17 kati ya 31 na kupiga kelele ya uongo kwenye picha 28 safi. Ya sasa inaona 25, kelele ya uongo ni 11. Faida kubwa ilikuja na zile 40 za kupingana na daftari. Katika za vioo hasi, nyingi zilikuwa nukta za C, na chache zilikuwa vimelea kweli. Vioo hivyo vimesomwa upya kituoni, na viwili vimebadilishwa kuwa +.

Nilipoongeza lebo za bandia kwa masharti ya misalaba, kelele ilishuka kutoka 11 hadi 9, lakini 25 ilibaki 25.

---

Yaya_Kampemba

Kazi nzuri sana, nimefurahi kwa dhati. Ila usiandike kwamba umetoka 17 hadi 25 ukaishia hapo. 31 hizo zimetoka vioo vingapi?

---

Mwana_Katuba

Vioo 11. Viwili ni vya ++++, vyenyewe vimetoa 12.

---

Yaya_Kampemba

Basi toa matokeo kwa kioo, na utenganishe ++++ na +. Mgonjwa wa ++++ hata mimi nisiyejua damu ningemwona. Kama nane ulizoongeza zote ni za vioo viwili vya B, umetatua rangi ya B, hujatatua vimelea vichache. Na 11 kurudi 9 usiipe maana yoyote, picha mbili zinaweza kuwa kioo kimoja.

---

Mwana_Katuba

Nimetazama. Sita ni za ++++ za B. Kwenye vioo vya + kuna chanya 4 tu, modeli inaona 1, kama mwanzo.

---

Labo_Ruashi

Ndiyo niliyokuwa naogopa. Kwenye + hata picha 40 hazitoshi, tunasoma nyuga 100 kwa sababu hiyo. Piga picha nyingi zaidi za vioo hivyo vichache, badala ya kutafuta vioo vipya.

---

Kipushi_Kodi

Na zile 15 za «sijui»? Mimi ningezitupa.

---

Labo_Ruashi

Mimi ningetafuta vioo vyake na kuvisoma mwenyewe chini ya hadubini. Ukizitupa, kipimo chako kinabaki na picha rahisi tu.

---

Yaya_Kampemba

Hapo nimegawanyika. Kuvisoma kwenye kioo kunatoa ukweli, lakini modeli itahukumiwa kwa kitu ambacho hakimo kwenye picha yake. Ningeripoti mara mbili, pamoja nazo na bila hizo. Wengine wanaofanya picha za matibabu waseme wao wanafanyaje.

---

Mwana_Katuba

Vioo vya + vya A na B bado vipo sandukuni. Jumamosi hii badala ya kuweka lebo tutavipiga picha mpaka nyuga 100 kila kimoja, na Docta, nitakuletea vioo vya zile 15 ukikubali. Vya C wameshaviosha, kwa hiyo C kwenye + sitakuwa na la kusema.